Asiporudi Ijumaa

Majina ya watu hayanitoki kichwani. Hata leo naweza kukutajia waliosimama mbele yangu na nyuma yangu kwenye foleni ya uji nilipokuwa darasa la pili, na baba zao, na nani kati yao amekwisha kufa. Shule yenyewe niliiacha darasa la nne, lakini majina yamebaki. Humu sitamtaja mtu, ingawa nawakumbuka wote. Wengine wako hai na wana watu wao, na huyu ninayemwandika hasa amenikataza. Nitamwita mjukuu wangu, inatosha.

Alikuja kwangu Chiwata mwaka aliomaliza chuo. Alikuja na begi moja na bahasha ya vyeti, akaniambia anasubiri kazi. Mimi wakati huo nilikuwa peke yangu tangu babu yake alipofariki. Nilizaa watoto saba, wanne wako hai, na hakuna hata mmoja ambaye nikimwita kwa sauti yangu yote atanisikia. Kulikuwa na siku jua lilichwa sijafungua mdomo ila kuwafukuza kuku kwenye mkeka wa muhogo. Nilikuwa napika ugali, naupakua, halafu nakaa nautazama. Ugali wa mtu mmoja hauna ladha, hata uwe na kisamvu cha namna gani.

Basi alipokuja, nyumba ikapata mlango. Asubuhi alikuwa anapiga goti, "Shikamoo, bibi," nami namjibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu amelalaje huko kaburini?" Anacheka. Anasema, "Amekuota wewe, mimi hanijui." Alikuwa hajazaliwa babu yake alipokwenda. Tulikuwa tunataniana hivyo mpaka chai inachemka.

Kazi aliyokuwa anaitaka ilikuwa na mtihani wa kuandika kabla ya mahojiano. Sio mtihani wa masomo aliyosomea, hayo anayajua. Ulikuwa mtihani wa kufikiri. Unapewa kauli, halafu unaulizwa nini kinatokana nayo. Alikuwa ameufanya mara mbili na mara mbili ameanguka, na mara zote mbili alirudi akakaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, hataki kula. Safari hii ilikuwa ya tatu. Aliniambia, "Bibi, nikianguka na huu siombi tena. Nitalima korosho na wewe."

Nilimwambia Mungu ni mwema. Ndivyo nilivyosema kwa mdomo.

*

Kila Jumamosi alikuwa anapanda gari kwenda Masasi, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anawafundisha waombaji wa kazi kwenye chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Jumamosi moja tulikwenda wote, kwa sababu nilikuwa nafuata dawa zangu za presha. Nilipomaliza hospitali nikamfuata huko anakosomea, nimsubiri turudi pamoja.

Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona mwalimu. Mwanamke, wa makamo, mnene kidogo, amevaa gauni jeusi, na kichwa chake kimenyolewa hakina hata unywele. Moyo wangu ukashtuka. Sisi huku, mwanamke akifiwa na mume hunyolewa. Mimi mwenyewe nilinyolewa na dada wa marehemu, nimekaa kwenye mkeka, na ule wembe nausikia mpaka leo. Nikajua: huyu mama amefiwa, na bado yuko kazini anafundisha watoto wa watu.

Sikusubiri wamalize. Niliingia mpaka mbele, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Pole, mwanangu. Pole sana. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mimi pia yalinikuta."

Akaniangalia. "Shikamoo, mama. Ahsante. Yamenikuta yapi?"

"Mzee wako."

"Mzee wangu yuko Bukoba, mama. Nimeongea naye asubuhi, analalamika ndizi zimeungua."

Darasa zima likaangua kicheko. Mjukuu wangu alikuwa amejifunika uso kwa daftari. Nilitamani sakafu ipasuke. Yule mwalimu naye alicheka, lakini hakuniachia mkono. Akanivutia kiti, akanikalisha mbele kabisa pembeni ya ubao.

"Tulieni," akawaambia. "Huyu mama amenisaidia. Wiki tatu nawafundisha, hamwelewi. Mama, ulijuaje nimefiwa?"

"Si umenyoa, mwanangu."

"Na huku kwenu mwanamke aliyefiwa na mume hunyoa?"

"Lazima."

Akaandika ubaoni kwa chaki, maneno makubwa hata mimi niliyasoma: *Kama mwanamke amefiwa na mume, basi amenyoa.*

"Hii ndiyo kauli tuliyopewa," akasema. "Kwenye mtihani tunaichukua kuwa kweli, hatubishani nayo. Sasa tunaweza kuifanyia mambo matatu. La kwanza, kuigeuza." Akaandika: *Kama amenyoa, basi amefiwa.* "Hivi ndivyo mama alivyofikiri. Je, inatokana na ile ya kwanza?"

Kijana mmoja akasema ndiyo. Mwalimu akajipapasa kichwa. "Mimi hapa nimenyoa kwa sababu nywele zinanipa joto. Mume wangu mzima. Kauli ya mama haijavunjika, kwa sababu haikusema kwamba wanaonyoa ni wafiwa peke yao. Kwa hiyo haitoki."

Akaendelea. "La pili, kuikanusha pande zote mbili bila kuigeuza." Akaandika: *Kama hajafiwa, basi hajanyoa.* "Mimi sijafiwa. Je, sijanyoa?"

"Umenyoa!" wakaitikia.

"Basi nayo haitoki. Hiyo na ile ya kugeuza ni ndugu pacha, moja ikiwa kweli na nyingine kweli, moja ikiwa uongo na nyingine uongo. Lakini kauli ya kwanza haikupi yoyote kati ya hizo. La tatu, unageuza na unakanusha, yote mawili kwa pamoja." Akaandika: *Kama hajanyoa, basi hajafiwa.* Akanigeukia. "Mama, ukikutana na mwanamke hapo stendi amesuka nywele zake ndefu, utampa pole ya kufiwa na mume?"

"Nitampaje, na nywele anazo?"

"Haya. Hiyo ndiyo inayotoka. Kila mara, bila kukosa. Kama ya kwanza ni kweli, na hii ni kweli."

Hapo mjukuu wangu akanyoosha mkono. Yeye ni mbishi, amemfuata babu yake. "Mwalimu, kuna wajane wa siku hizi wanakataa kunyolewa. Ukikutana na mmoja wao na nywele zake, si utakosea?"

"Nitakosea kwa sababu kauli ya kwanza ilikuwa ya uongo, sio kwa sababu nimefikiri vibaya. Na ndiyo maana wewe unaanguka," mwalimu akamwambia, bila ukali. "Unajua mambo mengi ya duniani, na unaingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Yaache nje pamoja na viatu. Ingia na kile ulichopewa tu. Ukiona hakitoshi, kuna jibu la kusema hakitoshi. Usilionee haya."

Kwenye gari la kurudi mjukuu wangu hakunisema. Alikaa akiangalia majabali ya Masasi yanavyobaki nyuma, midomo inacheza, anajisomea. Karibu na kushuka ndipo akasema, "Bibi, siku nyingine ukienda kumzika mume wa mtu, uulize kwanza kama amekufa." Tukacheka mpaka machozi. Nakumbuka nilijiambia, Jumamosi hizi zina mwisho.

*

Mtihani uliwekwa Newala, siku ya Jumatano. Majina ya waliofaulu yangebandikwa Ijumaa mchana kwenye ubao wa matangazo, na waliofaulu wabaki huko huko kwa mahojiano ya Jumatatu. Wakifaulu na hayo, wanapangiwa kituo, na kituo kinaweza kuwa popote. Kigoma. Manyara. Mahali ambapo bibi wa presha hafiki.

Jumatatu kabla ya hapo tulikuwa uani. Ilikuwa msimu, tumeanika korosho kwenye turubai, na harufu ya mabibo imejaa mpaka ndani. Alinipa karatasi ya mwalimu, upande mmoja maswali, upande wa nyuma majibu. Akaniomba nimsomee swali, yeye ajibu, mimi niangalie nyuma. Kusoma kwangu ni kwa kidole, polepole, lakini nafika.

Nikamsomea: "*Kama gunia limepokelewa ghalani, basi korosho zake zimekauka. Korosho za gunia hili zimekauka.* Je, limepokelewa?"

Alikuwa anageuza korosho kwa mkono, hakuinua hata uso. "Limepokelewa."

Nikageuza karatasi. Nyuma paliandikwa: *Taarifa haitoshi.*

Nilijua kwa nini amekosea. Kwetu sisi kukausha ndiyo kazi yote. Unaamka unaanika, wingu likija unaanua, unaanika tena, unaitikisa korosho sikioni usikie inavyolia ndani ya ganda. Korosho za babu yake zikikauka zilikuwa zinapokelewa, hazijawahi kurudishwa. Mtoto amekulia likizo zake kwenye turubai hili, ataachaje kuliingiza kwenye mtihani? Lakini kauli haikusema kila kavu hupokelewa. Korosho inaweza kukauka vizuri na bado ikarudishwa kwa uchafu, au kwa kuwa na madoa. Mimi mwenyewe nimeona magunia ya jirani yakirudi, makavu kama mbao.

"Bibi? Ni sawa?"

Nilitazama ile karatasi. Nikatazama turubai, na chungu chetu jikoni, na kanga yake imetundikwa kando ya yangu kwenye kamba. Nikasema, "Sawa."

Neno moja. Akaendelea na swali lingine.

Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimechanganyikiwa. Nilijua kusoma. Nilitaka aanguke. Kwa muda wa neno lile moja nilitaka mtoto wa mwanangu aanguke mara ya tatu, arudi akae chini ya mkorosho asile, na mimi nimbembeleze, na jioni tule wote. Siku ile iliyobaki alinichekea kwa kila kitu na mimi nilishindwa hata kumtania.

Jumanne asubuhi alikuwa anaondoka. Nilimfungia karanga, nikamjazia dumu la maji la lita tano, kwa kuwa huko Newala anakofikia kwa rafiki yake maji ni ya kununua, na mgeni asiyekuja na maji husalimiwa kwa jicho moja. Alikwisha kuvaa viatu. Nikamwambia akae.

"Bibi, gari."

"Kaa. Lile swali la gunia ulilikosa."

"Lipi?"

"La ghalani. Ulisema limepokelewa. Jibu la nyuma ni taarifa haitoshi. Nililiona, nikakwambia sawa."

Alivuta karatasi kutoka kwenye begi, akasoma mbele, akasoma nyuma. "Uliliona?"

"Niliona."

"Ulitaka nianguke, bibi?"

Kulikuwa na majibu mengi ya utani na yote yalinijia. Nikayameza. "Nilitaka ubaki."

Hakulia wala hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alikaa na ile karatasi mapajani kama mtu aliyepewa barua ya msiba. Halafu akanisukumia. "Niulize tena. Niulize yote."

"Gari litakuacha."

"Niulize."

Nikauliza. "Korosho za gunia zimekauka."

"Taarifa haitoshi. Hapo wamegeuza."

"Gunia halikupokelewa. Korosho zake ni mbichi?"

"Taarifa haitoshi. Wamekanusha tu. Labda lilikuwa na uchafu."

"Korosho hazijakauka."

"Halikupokelewa." Alisema upesi, kabla sijamaliza. "Hiyo ndiyo inayotoka. Kwa sababu lingepokelewa, zingekuwa kavu."

"Gunia limepokelewa."

"Zimekauka. Hiyo ndiyo kauli yenyewe, bibi, hata wewe unaijua."

Honi ikasikika barabarani. Akajitwika dumu, akashika begi. Mlangoni akageuka, na uso wake sikuweza kuusoma. "Sitakupigia simu. Nikianguka siwezi kukwambia kwa simu, nitalia, na wewe utalia, na salio litakwisha. Nikianguka nitarudi Ijumaa, kwa gari la jioni. Unasikia? Nikianguka, Ijumaa jioni nitakuwa hapa."

"Nimesikia."

"Haya. Shikamoo."

Shikamoo ya kuagana, kavu, bila goti. Niliitikia marahaba akiwa amekwisha kuvuka uzio wa mihogo.

*

Jumatano nilianika, nikaanua. Alhamisi vivyo hivyo. Nilimpikia kuku uji wa pumba nikakuta nimeweka chumvi. Hakuna aliyekuja. Simu nilikuwa nayo, ina chaji, namba yake naijua kwa kichwa, lakini nilikuwa nimejipotezea haki ya kumuuliza chochote.

Ijumaa nilipika mapema. Sitaficha: nilipika ugali wa watu wawili. Nikakaa kwenye kigoda mahali ambapo barabara inaonekana. Nilikuwa nasubiri vitu viwili visivyokaa pamoja. Nilikuwa naomba gari lije tupu na nilikuwa naomba lije naye.

Gari likaja, jua likiwa bado juu ya mikorosho. Likasimama. Akashuka mwanamume na jogoo. Akashuka mama na mtoto mgongoni. Nikaenda mpaka dirishani kwa kondakta, kwa mwendo wangu huu.

"Mwanangu, hakuna msichana aliyebaki huko stendi Newala? Labda gari lilijaa?"

"Shikamoo, bibi. Gari halikujaa, angalia mwenyewe viti. Wote waliotaka kuja tumekuja nao."

"Na hakuna jingine nyuma?"

"Hili ndilo la mwisho."

Likaondoka na vumbi lake. Nikasimama pale barabarani nikaanza kufikiri, polepole, kwa kidole, kama ninavyosoma. Amesema: kama ameanguka, basi atarudi Ijumaa. Hakurudi. Nageuza, na nakanusha, vyote kwa pamoja. Kama hakurudi, basi hakuanguka.

Nilirudia mara tatu ili nisije nikawa nimempa tena pole mtu asiyefiwa. Kauli ni yake, na yule mtoto hajawahi kuniambia uongo. Mwongo ni mimi. Gari lilikuwa na nafasi. Hakurudi. Hakuanguka.

Kisha moyo ukaenda haraka kuliko kichwa, ukasema: na amefaulu, basi ndiyo harudi tena. Hapo nikajizuia. Hilo hakulisema. Alisema akianguka atarudi, hakusema akifaulu hatarudi. Hiyo ni kukanusha tu bila kugeuza, na haitoki. Anaweza kufaulu na akarudi. Anaweza kufaulu na asirudi. Anaweza kunisamehe na akakaa Kigoma, au akawa na hasira na akaja Krismasi. Jibu ni taarifa haitoshi, na mwalimu alisema tusilionee haya, lakini yeye alikuwa anazungumza juu ya karatasi. Kwenye karatasi unaweka alama ya vema unapita. Mimi nilikuwa narudi nalo nyumbani, kwenye ugali wa watu wawili.

Nilipofika uani nikapiga vigelegele. Sijui kama inafaa kwa mtu aliye peke yake, ila sikuweza kukaa kimya kwa jambo lile. Nilipiga kimoja, nikapiga cha pili, sauti imekauka, inakatika katikati. Kuku walikimbilia nyuma ya nyumba.

Jirani yangu akaja mbio, kanga moja begani, mikono ina unga. "Mama, kuna nini? Kuna mtu amejifungua? Kuna posa?"

"Mjukuu wangu amefaulu mtihani."

"Ahaa! Hongera! Amekupigia simu?"

"Hapana."

"Amemtuma mtu na lile gari?"

"Hapana. Hakuna mtu aliyekuja."

"Sasa umejuaje?"

"Ndivyo nilivyojua," nikasema. "Hajaja."

Aliniangalia. Akaangalia nyumba, mlango ulio wazi, meza yenye sahani mbili. Akapangusa unga kwenye kanga yake, akanishika mkono taratibu, kama mimi nilivyomshika yule mwalimu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.